Mbona simu inakataa tarehe yangu ya kuzaliwa?

Jumamosi moja asubuhi, dada na mdogo wake wa kiume waliingia katika duka la mmoja wa mawakala wetu mjini Nakuru kufungua akaunti. Dada anauza mboga, kijana anaendesha boda boda. Wote wawili walikuwa na simu za aina moja, zilizotumwa kwenye mzigo mmoja na binamu yao anayeishi Marekani. Vitambulisho walikuwa navyo, laini zilikuwa tayari, na wakala alidhani kazi ingeisha kwa dakika kumi.

Dada alianza. Jina likapita, namba ya kitambulisho ikapita. Alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa akaandika 23/07/1988, kama ilivyo kwenye kitambulisho chake. Programu ikajibu kwa maandishi mekundu: "Tarehe si sahihi." Akafuta, akaandika tena polepole. Mekundu tena. Mara ya tatu akampa wakala simu, naye wakala akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Mekundu vilevile.

"Kwani mimi sikuzaliwa?" dada akauliza, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Wakala, akitaka kusaidia, akamwambia: "Dada, weka tu tarehe nyingine ipite, utarekebisha baadaye." Dada akakataa katakata. Alisema hawezi kudanganya kuhusu siku aliyozaliwa mbele ya kitu kinachoshika pesa zake. Akaondoka bila akaunti, amekasirika.

Mdogo wake yeye alipita bila shida yoyote. Aliandika 04/07/1991, programu ikakubali papo hapo, na kabla ya saa sita alikuwa ameshapokea malipo ya mteja wake wa kwanza. Ukiuliza mtu yeyote aliyekuwa dukani siku hiyo ni nani mwenye tatizo, angekuonyesha dada.

Kumbe ilikuwa kinyume. Dada ndiye aliyebahatika. Mwenye tatizo alikuwa kijana, na ilimchukua miezi minane kujua.

Nani alikosea?

Tuseme wazi tangu mwanzo: dada hakukosea, kijana hakukosea, na wakala hakuandika vibaya. Kosa lilikuwa letu. Ni kosa linaloweza kutokea katika programu yoyote inayokuuliza tarehe, kwa hiyo tunalieleza hapa ili ulitambue popote utakapolikuta.

Sisi tunasema "tarehe nne mwezi wa saba". Siku inatangulia, mwezi unafuata, na tunapoandika kwa tarakimu tunafuata mpangilio huohuo: 04/07. Ndivyo kitambulisho kinavyoandikwa, ndivyo ujumbe wa miamala unavyoandikwa, na ndivyo mwalimu alivyotufundisha kuandika juu ya daftari. Mmarekani yeye husema mwezi kwanza, kisha siku. Kwake 04/07 ni mwezi wa nne, tarehe saba. Tarakimu ni zilezile na mistari ni ileile, ila siku ni nyingine kabisa.

Simu yako nayo ina mpangilio wake. Haikuulizi "unaandikaje tarehe?" Kwenye simu nyingi za Android, mpangilio huo unatokana na lugha uliyochagua siku ya kwanza ulipowasha simu. Ukichagua English (United States), simu inajua kwamba mwezi hutangulia. Ukichagua English (Kenya), English (United Kingdom) au Kiswahili (Kenya), simu inajua kwamba siku hutangulia. Maneno kwenye skrini ni karibu yaleyale ukitumia Kiingereza cha Marekani au cha Kenya, kwa hiyo watu wengi hawaoni tofauti. Simu iliyotumika Marekani kabla ya kufika huku mara nyingi huwa na mpangilio wa huko. Hata simu mpya iliyonunuliwa hapa hapa huenda ikawa nao, kwa sababu English (United States) ni chaguo ambalo watu wengi hubonyeza haraka ili wafike mbele.

Sasa kosa letu. Juu ya sanduku la tarehe tulikuwa tumeandika maelezo: siku, mwezi, mwaka. Maneno hayo tuliyaandika sisi wenyewe na hayakubadilika kwa simu yoyote. Lakini sehemu ya programu iliyosoma ulichoandika haikufuata maneno hayo. Ilifuata mpangilio wa simu. Kwenye simu yenye mpangilio wa Kenya, maelezo na msomaji walikubaliana, na kila kitu kilienda sawa. Kwenye simu yenye mpangilio wa Marekani, maelezo yalikuambia uanze na siku, halafu msomaji akaichukua siku yako akaiita mwezi.

Kwa dada, msomaji aliona mwezi wa 23. Hakuna mwezi wa 23, basi akakataa. Kwa kijana, msomaji aliona mwezi wa 4, tarehe 7. Hiyo ni tarehe halali kabisa, basi akaipokea bila kusema neno. Kijana aliyezaliwa tarehe 4 Julai akaandikwa kwetu kama mtu aliyezaliwa tarehe 7 Aprili.

Hesabu ya siku 365

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu hesabu hii inaeleza kwa nini tatizo hili hujificha.

Mwaka una miezi 12. Kwa hiyo tarakimu ya siku ikiwa kati ya 1 na 12, inaweza kusomwa kama mwezi bila kuleta kelele. Ikiwa 13 au zaidi, haiwezi. Katika kila mwezi kuna siku 12 za aina ya kwanza. Zidisha kwa miezi 12, unapata siku 144.

Katika hizo 144, kuna siku 12 ambazo hata ukizigeuza hazibadiliki: 01/01, 02/02, 03/03, hadi 12/12. Aliyezaliwa siku hizo hana wasiwasi. Zinazobaki ni siku 132, na hizo zinageuzwa kimyakimya. Siku nyingine zote za mwaka wa kawaida, yaani 221, zinakataliwa kwa maandishi mekundu.

Kwa maneno mengine, kwenye simu yenye mpangilio usiolingana na programu, sehemu kubwa ya watu wataona tarehe yao ikikataliwa. Watakasirika, watatupigia simu, na tutajua kuna jambo. Lakini zaidi kidogo ya theluthi ya siku za mwaka zitapita zikiwa zimegeuzwa, na wenye nazo watatushukuru kwa huduma ya haraka.

Ndiyo maana tunasema maandishi mekundu yalimlinda dada. Yalikuwa yanaudhi na hayakueleza sababu, na hilo tunaomba radhi. Hata hivyo yalizuia tarehe ya uongo isiingie.

Jambo la hatari zaidi ni ule ushauri wa "weka tu nyingine ipite". Tuseme dada angekubali, akashusha siku hadi 12 ili programu inyamaze. Angeandika 12/07/1988, na simu ingesoma tarehe 7 Desemba. Akaunti yake ingekuwa na siku ambayo si yake, na hata si ile aliyodhani ameiandika. Baadaye angetafuta namna ya kukumbuka uongo ambao hata yeye hakuuona.

Miezi minane baadaye

Kijana alitumia akaunti yake vizuri tu. Alipokea nauli, akalipa mafuta, akaweka akiba ya kununua pikipiki yake mwenyewe badala ya kuendesha ya mtu. Akiba hiyo ndiyo ilikuwa roho yake.

Halafu akaibiwa simu. Alifanya mambo sahihi kwa mpangilio sahihi: alitujulisha tufunge akaunti, akaenda kurudishiwa laini akiwa na kitambulisho, akanunua simu nyingine ya bei nafuu mjini. Akaweka programu upya. Kabla ya kumruhusu aweke PIN mpya, programu ikamuuliza namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, ili tujue ni yeye na si mwizi.

Akaandika 04/07/1991. Simu hii mpya ilikuwa na mpangilio wa Kenya, kwa hiyo programu ikasoma kama ilivyopaswa: tarehe 4 Julai. Kwenye seva yetu palikuwa na tarehe 7 Aprili. Hazilingani. Akajaribu tena, akajaribu mara ya tatu, na akaunti ikajifunga. Kwa mtazamo wa mfumo wetu, huyu alikuwa mtu aliyeshika laini ya mwenzake lakini hajui siku aliyozaliwa. Ndivyo mwizi anavyoonekana.

Alipotupigia, mhudumu wetu aliona tu kwamba tarehe hazilingani. Kijana akasema maneno ambayo tumeyakumbuka: "Lakini nilikuwa naiona kwenye akaunti yangu kila siku, na ilikuwa sawa!"

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililotufanya tukae chini tulichunguze jambo hili mpaka mwisho.

Kwa nini aliiona ikiwa sawa

Seva yetu huhifadhi tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Huo ni mpangilio wa kimataifa unaoitwa ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1988, na uzuri wake ni kwamba hauna tafsiri mbili. Kilichopaswa kuwapo ni mstari wa kwanza hapa chini. Kilichokuwapo ni wa pili:

```
1991-07-04
1991-04-07
```

Kijana alipofungua ukurasa wa akaunti kwenye simu ya zamani, seva ilituma tarehe 7 Aprili. Simu ikaiandika kwa mpangilio wake, mwezi kwanza: 04/07/1991. Yeye akaisoma kwa mpangilio wake, siku kwanza: tarehe nne, mwezi wa saba. Sawasawa kabisa na kitambulisho. Simu ilikosea wakati wa kuingiza, ikakosea tena kwa namna ileile wakati wa kuonyesha, na makosa mawili yakafichana.

Zaidi ya hapo, kama angeulizwa tarehe ya kuzaliwa akiwa bado na simu ileile, angeandika 04/07/1991, simu ingegeuza kama kawaida yake, na jibu lingelingana na lililohifadhiwa. Angepita kila mara. Kosa lilihitaji simu ya pili ili lijitokeze, na simu ya pili huja wakati mbaya: ile ya kwanza imeibiwa, imepotea, au imeanguka majini. Yaani siku ile unapohitaji tarehe yako ikutetee, ndiyo siku inapokukana.

Akaunti yake tuliifungua baada ya kufika kwa wakala na kitambulisho halisi, nasi tukalinganisha na picha ya kitambulisho tuliyokuwa nayo tangu alipojisajili. Akiba ilikuwapo yote. Lakini alikaa siku mbili bila kugusa pesa zake, na kwa mtu wa boda boda siku mbili bila pesa ya mafuta ni siku mbili bila kazi.

Jinsi ya kujua simu yako inafuata mpangilio gani

Huna haja ya kuwa fundi. Unahitaji kuona tarehe moja tu ambayo siku yake inazidi 12, kwa sababu hiyo haiwezi kukudanganya.

Njia rahisi ni kufungua WhatsApp na kushuka chini kwenye orodha ya mazungumzo hadi yale ya zamani. Pembeni ya kila moja kuna tarehe. Tafuta yenye tarakimu inayozidi 12. Ukiona 23/07, siku imetangulia na simu yako iko sawa na sisi. Ukiona 7/23, mwezi umetangulia na simu yako iko kwa mpangilio wa Marekani. Usihukumu kwa tarehe kama 5/6, maana hiyo haisemi lolote.

Ukitaka kubadilisha kwenye Android, fungua Settings, kisha utafute Languages. Kwenye simu nyingi iko ndani ya System. Kwenye Samsung iko ndani ya General management. Usipoiona, andika neno hilo kwenye sanduku la kutafutia lililo juu ya Settings. Ukifika, bonyeza pa kuongeza lugha, chagua English kisha Kenya, au Kiswahili kisha Kenya, halafu uiburute iwe ya kwanza kwenye orodha. Ya kwanza ndiyo inayotawala. Kuwa na English (Kenya) ikiwa ya pili hakusaidii.

Kwenye iPhone kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu nchi na lugha vimetenganishwa. Nenda Settings, General, kisha Language & Region, na pale penye Region uchague Kenya. Lugha yako haitaguswa.

Baada ya hapo, funga programu yetu kabisa na uifungue upya. Rudi WhatsApp uangalie zile tarehe za zamani. Kama 7/23 imekuwa 23/07, umefaulu.

Kuna dawa mbili ambazo watu hujaribu na ambazo hazitibu ugonjwa huu. Ya kwanza ni kuingia Date & time na kuanza kubadilisha saa au tarehe ya simu kwa mkono. Saa ya simu na mpangilio wa tarehe ni vitu viwili tofauti. Ukiiharibu saa, utapata tatizo jipya: programu za pesa hukagua saa ya simu zinapounganishwa na seva kwa usalama, na saa ikiwa imepotea sana muunganisho unakataliwa. Iache ijiweke yenyewe. Dawa ya pili ni kufuta programu na kuiweka upya. Programu itarudi, itauliza simu mpangilio ni upi, na simu itajibu kama ilivyojibu jana.

Setingi mpya haibadilishi yaliyokwisha kuhifadhiwa

Hapa tunaomba usome kwa makini, kwa sababu watu kadhaa wametupigia wakiwa na hofu.

Kubadilisha mpangilio wa simu kunasaidia tarehe utakazoandika kuanzia sasa. Hakugusi tarehe iliyo kwenye seva. Kama tarehe yako iligeuzwa siku ya kujisajili, bado imegeuka. Tofauti ni kwamba sasa utaiona. Laiti yule kijana angebadilisha setingi kabla ya kuibiwa, ukurasa wa akaunti yake ungeonyesha 07/04/1991, naye angeshtuka.

Ukiona hivyo, usirudishe setingi ya zamani ukidhani umeharibu kitu. Hujaharibu. Umefichua. Ukiirudisha, namba itaonekana nzuri tena, lakini kosa litabaki palepale likikungoja.

Kwa sababu hiyo tumebadilisha ukurasa wa akaunti. Katika toleo jipya la programu, mwezi unaandikwa kwa jina: 4 Julai 1991. Hakuna simu inayoweza kuligeuza neno Julai likawa siku. Na wakati wa kujaza, hakuna tena sanduku moja la kuandika tarakimu na mistari. Unaandika siku, unachagua mwezi kwa jina kwenye orodha, kisha unaandika mwaka. Tunachotuma kwenye seva hakitegemei lugha ya simu hata kidogo.

Basi fanya jambo moja leo. Sasisha programu, fungua ukurasa wa akaunti yako, na usome mwezi kwa jina. Linganisha na kitambulisho. Hili linawahusu hasa waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 12 ya mwezi wowote. Kama umezaliwa tarehe 13 au baadaye, na uliandika tarehe yako halisi bila kuibadilisha ili ipite, hakuna njia ambayo ingeweza kugeuzwa.

Wengine wametuuliza: mbona msigeuze zote nyinyi wenyewe? Kwa sababu tarehe 7 Aprili kwenye seva inaweza kuwa ya mtu aliyezaliwa 4 Julai akatumia simu ya mpangilio wa Marekani, na inaweza kuwa ya mtu aliyezaliwa 7 Aprili kweli akatumia simu ya mpangilio wa Kenya. Mistari yao inafanana kabisa. Tukigeuza zote, tutamponya mmoja na kumuumiza mwingine. Tunalinganisha na picha za vitambulisho pale zilipo na zinaposomeka, lakini anayejua kwa hakika ni wewe.

Malipo uliyopanga mbele

Tarehe ya kuzaliwa haikuwa peke yake. Sanduku lilelile lilitumika pia kupanga malipo ya siku zijazo, kama kodi na karo.

Chukua mtu aliyekaa mwezi wa nne akapanga kodi ilipwe tarehe 5 Juni. Aliandika 05/06. Simu yenye mpangilio wa Marekani ikasoma tarehe 6 Mei. Malipo yangetoka siku 30 kabla ya wakati, na pesa hizo huenda alikuwa amezipangia chakula. Mwingine aliandika mwezi wa tano tarehe 10/04 ya mwaka uliofuata, na programu ikaiweka Oktoba badala ya Aprili. Angesubiri miezi sita zaidi huku mwenye nyumba akimpigia simu.

Wakati mwingine programu ilikataa kwa sababu nyingine: "Tarehe imepita." Ukiona ujumbe huo juu ya siku ambayo unajua haijafika, dalili ni ileile. Mwezi na siku vimebadilishana viti, na siku iliyopatikana imeshapita.

Kama una malipo uliyoyapanga kabla ya kusasisha, fungua orodha yake na usome kila mwezi kwa jina. Lililo kombo lifute na uliandike upya. Hilo unaweza kulifanya mwenyewe bila kumpigia mtu.

Kurekebisha tarehe ya kuzaliwa

Tarehe ya kuzaliwa yenyewe huwezi kuibadilisha ndani ya programu, na ni kwa faida yako. Kama ingebadilishwa kwa kubonyeza tu, mwizi mwenye simu yako angeibadilisha kwanza, kisha PIN.

Nenda kwa wakala ukiwa na kitambulisho halisi, si picha. Mwambie tarehe yako imegeuzwa, siku na mwezi. Atatuma maombi pamoja na picha mpya ya kitambulisho, na utapata ujumbe mara tarehe itakaporekebishwa. Usingoje mpaka upoteze simu. Ukiwa bado na simu na laini mkononi, hii ni safari ya kawaida tu ya dukani. Ukiwa umeibiwa, ni siku mbili bila mafuta.

Na tahadhari moja. Matapeli wakisikia kuna marekebisho ya tarehe, watapiga simu wakijifanya sisi. Hatutakupigia tukuombe utaje tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho wala PIN. Wakala naye hahitaji PIN yako ili kurekebisha tarehe. Dukani, usiitaje tarehe kwa sauti foleni nzima isikie. Mpe kitambulisho, asome mwenyewe.

Yule dada wa Nakuru alitupigia jioni ileile aliyokataliwa. Mhudumu alimuuliza simu yake imewekwa lugha gani, wakabadilisha pamoja hadi English (Kenya), na 23/07/1988 ikapita mara ya kwanza. Tulipomsikia mdogo wake miezi minane baadaye, dada ndiye aliyekuwa kando yake akimsemea, kwa kuwa yeye alishalijua jambo hili. Alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu zuri kwake: "Mlipoona simu yangu ina shida hiyo siku ile, mbona hamkuniuliza kama kuna mwingine aliyejisajili na simu kama yangu?"

Sasa tunauliza. Mteja akitupigia kwamba tarehe yake imekataliwa, baada ya kumsaidia tunamwuliza kama kuna ndugu au rafiki mwenye simu kama yake ambaye tarehe yake ilipita bila shida. Nawe pia muulize wako, kisha msome mwezi kwa jina mkiwa pamoja.